Kuuliza Michango Imewekezwa Wapi

Mwalimu aliyefundisha Iringa na kustaafia Mbeya aweza kuuandikia Mfuko wa PSSSF hivi:

"Yah: Uwekezaji wa michango. Ndugu Meneja, naomba kujulishwa ni sehemu gani ya fedha za Mfuko iliyo katika hati fungani za Serikali, majengo, hisa na amana za benki, na hatari ya kila kundi."

Pensheni yake hukokotolewa kwa muda wa utumishi na mshahara, si kwa faida ya uwekezaji. Hivyo jengo likikosa wapangaji, malipo yake ya mwezi hayapungui. Hasara huubana Mfuko, na ikirundikana malipo huweza kuchelewa. Kinachomgusa moja kwa moja ni bei kupanda huku pensheni ikibaki ileile. Aongeze basi: "Pensheni iliongezwa lini mara ya mwisho?"