Maandishi Yaliyokuzwa: Kwa Nini Aya Iwe Fupi

Mtu mwenye uoni hafifu huona, lakini herufi za kawaida humtatiza. Kwa sababu hiyo huongeza ukubwa wa maandishi katika mipangilio ya simu yake. Somo hili linawahusu wote wanaoandika matangazo yanayosomwa kwenye simu, wakiwemo makatibu wa vyama vya ushirika na watendaji wa kata.

Tuchukue mfano wa mkulima wa pamba wa Bariadi anayepokea tangazo la kumtaka ahakiki namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Tangazo ni aya moja yenye herufi 384. Tuseme kioo cha simu kinachukua mistari 16, kila mstari herufi 32. Kwa ukubwa wa kawaida, aya hiyo ni mistari 12, na yote huonekana kwa pamoja.

Mkulima anapokuza herufi mara mbili, mstari hubaki na herufi 16 na kioo hubaki na mistari 8. Aya ileile sasa ina mistari 24, yaani vioo vitatu. Neno "zilizosajiliwa" pekee lina herufi 14, hivyo karibu linajaza mstari mzima. Namba ya kupiga, *106#, ipo kioo cha kwanza; onyo la kutompa mtu yeyote namba ya siri lipo kioo cha tatu. Anaweza kupiga kabla ya kulifikia onyo.

Tukiigawa aya hiyo katika aya nne za herufi 96, kila moja huchukua takribani mistari 6 baada ya kukuzwa. Hutosha katika kioo kimoja, na nafasi kati ya aya humwonesha msomaji alipoishia. Mwandishi hajui msomaji anatumia kioo gani, lakini aya fupi humfaa mwenye kioo kikubwa na mwenye kidogo.

Tangazo lililotumwa kama picha lina tatizo jingine: likikuzwa, mistari haijipangi upya. Msomaji hulazimika kulisogeza kulia na kushoto kwa kila mstari. Ikibidi kutuma picha, tumia safu moja nyembamba. Safu mbili humfanya ashuke hadi chini, kisha apande tena kutafuta mwanzo wa safu ya pili.

Ufupi nao una mipaka. Sharti lisitenganishwe na jambo linalolihusu: onyo la namba ya siri likae katika aya moja na maelekezo ya kupiga.

Kabla ya kutuma, weka maandishi ya simu yako katika ukubwa wa juu kabisa, kisha soma tangazo lako. Aya isiyoenea katika kioo kimoja igawe. Ukilazimika kusogeza pembeni, andika upya kama maandishi ya kawaida.