Lango la Kivinjari Nyumbani: Ukurasa Mmoja, Kompyuta Tatu

Chukua nyumba yenye kompyuta tatu: ya Windows iliyo mezani, seva ndogo ya Linux inayotunza picha na nyaraka, na kompyuta kuukuu iliyounganishwa na televisheni sebuleni. Kila moja hufikiwa kwa njia yake. Ya kwanza hutumia RDP kwenye poti 3389, ya pili SSH kwenye poti 22, ya tatu VNC kwenye poti 5900. Mwenye nyumba akiwa safarini angehitaji programu tatu tofauti, na ruta yake ingebaki na matundu matatu yanayotazama mtandao wa dunia nzima.

Apache Guacamole, programu huria iliyoanza mwaka 2010, huondoa usumbufu huo. Msafiri hufungua ukurasa mmoja, huingiza jina na nenosiri, kisha huchagua kompyuta anayoitaka. Skrini yake hutokea ndani ya kivinjari, hata kwenye kompyuta ya kuazima. (Windows ya toleo la Home haipokei wageni wa RDP, mwenye nayo atumie VNC.)

Kazi hiyo hufanywa na sehemu mbili. Moja ni programu ya wavuti inayozungumza na kivinjari. Nyingine, iitwayo guacd, hukaa nyuma yake na ndiyo inayojua RDP, VNC na SSH. Ni kama mkalimani kati ya watu wasioelewana: kivinjari hakijui RDP, wala Windows haijui kama upande wa pili kuna kivinjari.

Lakini mkalimani husikia yote. Alama ya kufuli kwenye kivinjari huthibitisha kwamba mawasiliano yamesimbwa hadi kwenye lango, na hapo usimbaji huo huishia. Lango hufungua ujumbe, husoma kila herufi iliyopigwa, kisha huupeleka mbele. Tena, lango likitumia hifadhidata, manenosiri ya watumiaji wake huhifadhiwa kwa namna isiyosomeka, ila manenosiri ya kompyuta zilizo nyuma yake hukaa wazi, kwa kuwa lango linayahitaji kamili ili liingie. Anayeiba hifadhidata hiyo amepata funguo za nyumba nzima.

Wengi hulinda upande wa mtandao wa nje na kuusahau upande wa ndani. Mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha hatari ya kuusahau. Walianza na kompyuta moja ya ndani iliyokwisha kutekwa. Mtumiaji alipoifungua kupitia Guacamole, kompyuta ile ilijibu kwa ujumbe wa RDP uliotengenezwa kwa hila, guacd ikakosea kuushughulikia katika kumbukumbu yake, na lango likaangukia mikononi mwa mshambuliaji. Kutoka hapo aliweza kusikiliza vikao vya watumiaji wengine na kukusanya manenosiri yao. Kasoro hizo, CVE-2020-9497 na CVE-2020-9498, zilikuwamo katika toleo 1.1.0 na yaliyotangulia, na toleo 1.2.0 lilizirekebisha mwezi Juni mwaka huohuo. Kwa nyumba yetu maana yake ni hii: kirusi kilichoingia kwenye kompyuta ya sebuleni kingeweza kupanda hadi langoni, na kutoka langoni kushuka kwenye nyaraka.

Kwa hiyo ulinzi huanza siku ya usakinishaji. Hifadhidata mpya ya Guacamole huja na akaunti ya `guacadmin` yenye nenosiri hilohilo, `guacadmin`, na kila mshambuliaji analijua. Mwenye nyumba atengeneze msimamizi mwingine, aifute hiyo, kisha ajitengenezee akaunti ya kawaida kwa matumizi ya kila siku. Aongeze pia kiendelezi cha TOTP, kinachodai tarakimu sita kutoka kwenye simu kila mtu anapoingia. Poti 4822, ambayo guacd husikilizia, isifunguliwe kamwe kwenye ruta, maana guacd haimuulizi mtu nenosiri. Amri hii huonyesha toleo lililopo:

```
guacd -v
```

Dalili za uvamizi hutafutwa kwenye ukurasa wa historia, unaoorodhesha nani aliingia, lini, kwa muda gani na kutoka anwani ipi. Kikao cha saa nane usiku wakati wenyeji wote wamelala kinatosha kumfanya mtu alizime lango na kubadili manenosiri yote, pamoja na yale ya kompyuta za ndani. Mara nyingi lango huwekwa nyuma ya seva nyingine ya wavuti, kama Nginx, na hapo kila mgeni huweza kuonekana ametoka anwani moja, 127.0.0.1. Historia ya namna hiyo haisaidii kumtambua mgeni mpaka Tomcat, inayoendesha programu ya wavuti ya lango, ielekezwe kusoma anwani halisi.

Asiye na nafasi ya kusasisha lango kila toleo jipya linapotoka asiliweke wazi mtandaoni. Aliweke nyuma ya VPN kama WireGuard, hata kama hapo atalazimika kusakinisha programu moja kwenye kila kifaa anachosafiri nacho.