Mtungi Uliokaa Stoo: Kuondoa Harufu na Madoa Kabla ya Kurudishwa Matumizini

Mtungi wa maji na chungu cha kupikia vinavyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa kuni au majani makavu haviivi kama vyombo vya kiwandani, kwa sababu moto wa namna hiyo haufikii joto la kuyeyusha udongo na kuyafunga matundu yake. Ukuta wa chombo hubaki na vinyweleo, yaani vijitundu vidogo mno vinavyoungana, na kwa njia ya hivyo maji hupenya polepole hadi nje, hugeuka mvuke na kuchukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa ya baridi hata siku za kaskazi. Vinyweleo hivyo hivyo ndivyo vinavyohifadhi unyevu, mafuta na mabaki ya chakula chombo kinapowekwa, na humo ndimo huanzia harufu na madoa yanayogunduliwa mtungi unapotolewa stoo.

Harufu ya kila namna haina maana moja, na anayesafisha hana budi kuzitofautisha kabla ya kuchagua dawa. Mtungi mkavu ulio safi kabisa hutoa harufu ya udongo unaponyunyiziwa maji, mfano wa ile ya ardhi inayopata mvua za kwanza, lakini harufu hiyo hudumu kwa muda mfupi na haidhuru. Harufu ya pili ni ya uvundo wa udongo mbichi, hukaa siku nzima na kuingia katika ladha ya maji. Mara nyingi hutokana na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni na baadhi ya kuvu, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kiasi kidogo mno ndani ya lita ya maji. Jiosmini yenyewe si sumu kwa kiasi hicho. Kinachopaswa kumtia mtu shaka ni kwamba uwepo wake waonyesha kuna viumbe vilivyoota ukutani mwa chombo. Harufu ya tatu, ambayo hupatikana zaidi katika chungu cha mchuzi, ni ya mafuta yaliyochacha, nayo huwa kali kama ya nazi iliyooza.

Tofauti hii si ya maneno tu, kwa kuwa harufu mbili za mwisho huondolewa kwa vitu vinavyopingana. Jiosmini huvunjika katika asidi, na ndiyo sababu wapishi wengi huwapitisha samaki wa maji ya matope katika ndimu au siki kabla ya kuwapika. Mafuta yaliyochacha yenyewe yana asidi ndani yake, kwa hiyo ndimu haiyasaidii, ila yanahitaji kitu chenye nguvu ya magadi, kama soda ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu. Hamira ya unga haifai badala yake, kwa sababu huchanganywa na wanga, na wanga ukibaki vinyweleoni huwa chakula cha kuvu.

Kusoma madoa

Doa jeupe ndilo linalowachanganya watu zaidi, kwa kuwa huweza kuwa kitu chochote kati ya vitatu. Kuvu huonekana kama manyoya au vumbi laini, na kidole kikipita juu yake huacha alama inayopakaa. Chumvi zilizosukumwa nje na maji yanayokauka hufanya ganda jepesi ambalo huyeyuka likifutwa kwa kitambaa chenye maji. Chokaa hushikilia, haiyeyuki majini, na tone la siki likidondoshwa juu yake hutoa viputo vidogo. Kaya nyingi za mwambao na visiwani hukutana na doa hili la tatu, kwa sababu visima vyao vimechimbwa katika mawe ya matumbawe ambayo ni chokaa yenyewe, na maji yake huiacha chokaa hiyo ukutani mwa mtungi kila yanapokauka. Chumvi na chokaa ni uchafu wa kuonekana tu, bali kuvu ni suala la afya, hasa nyumbani penye mtu mwenye pumu.

Madoa meusi yaliyotawanyika kama nukta kwa ndani huwa ni kuvu iliyozama, na rangi ya kijani huonyesha kwamba chombo kiliwekwa na maji mahali penye mwanga. Weusi wa nje wa chungu cha kupikia ni masizi, nao hauna haja ya kung'olewa wote. Weusi wa ndani ulio laini na usiotoka kwa maji moto ni mafuta ya miaka yaliyokauka na kuufunga udongo. Anayeukwangua kwa waya wa sufuria hukifungua chungu upya na kukifanya kivuje.

Mfano wa mtungi mmoja

Mfano unaofaa kufuatwa ni wa mtungi wa lita kama kumi na tano, uliopinduliwa sakafuni stoo kabla ya masika na kutolewa miezi sita baadaye, ukiwa na kuvu nyeupe shingoni, ganda la chokaa chini na uvundo unaosikika mtu anapoinamia mdomo wake. Kosa la msingi hapo ni kule kupinduliwa: unyevu uliosalia ukutani ulikosa pa kutokea, na sakafu ikaongeza wake.

Kazi huanzia nje ya nyumba, mahali penye upepo, na msafishaji hufunga kitambaa puani na mdomoni. Kuvu haipanguswi ikiwa kavu, kwa sababu mbegu zake hurushwa hewani. Hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa, ambacho baadaye huchomwa au kutupwa. Kisha mtungi hujazwa maji safi hadi mdomoni na kuachwa usiku kucha. Loweko hili lina kazi mbili: hulainisha uchafu, na huvishibisha vinyweleo maji ili siki itakayofuata ibaki juu ya ukuta ilipo kuvu, isizame yote ndani ya udongo. Maji hayo humwagwa, hayatumiki hata kwa kuoshea vyombo.

Siku ya pili huchanganywa glasi moja ya siki nyeupe na glasi tatu za maji, au maji ya ndimu tano au sita katika kiasi hicho hicho cha maji. Mchanganyiko humiminwa ndani, mtungi ukaviringishwa taratibu ili ukuta wote uloane, na kila baada ya dakika chache huviringishwa tena kwa muda wa nusu saa. Kumbi la nazi au dodoki hutumika kusugua. Brashi ya waya na mchanga wa chengachenga huacha mikwaruzo ambamo kuvu itajificha safari ijayo. Chokaa ya chini ikiendelea kutoa viputo, kitambaa kilicholowa siki hulazwa juu yake nusu saa nyingine. Mtungi ambao mfinyanzi wake alichanganya udongo na makombe yaliyopondwa hutoa viputo ukutani kote, na huo haufai kuachiwa asidi zaidi ya dakika chache, la sivyo ukuta wenyewe huliwa.

Sabuni haitumiki, iwe ya unga au ya maji, kwani huingia vinyweleoni na kurudi ndani ya maji ya kunywa kwa majuma kadhaa. Mtu hutambua kwa povu jembamba kando ya kata. Dawa ya klorini ya kufulia huzama vivyo hivyo, na chumvi zake zikikauka ndani ya udongo hubandua ukuta vipande vyembamba. Zaidi ya hayo, klorini haipaswi kukutana na siki wala ndimu kwa hali yoyote, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika stoo finyu madhara yake huwa ya haraka.

Baada ya kusuuzwa mara tatu au nne, mtungi hulazwa ubavu juani, mdomo ukielekea upepo, na kugeuzwa kila baada ya saa kadhaa. Ukavu wake haupimwi kwa macho, maana ukuta mnene huonekana mkavu nje ungali na maji ndani. Siku mbili au tatu za jua kali ndicho kipimo cha kawaida, na mtungi mkavu hutoa mlio mwangavu ukigongwa kwa kifundo cha kidole, ilhali mbichi hutoa mlio mzito. Kulowekwa na kukaushwa kwa zamu ndiko hasa kunakotoa harufu iliyozama, kwa sababu jiosmini hutoka pamoja na mvuke. Mtungi wa maji haupashwi motoni ili kuharakisha jambo hili, kwa kuwa haukufinyangwa kwa moto wa jiko na huweza kupasuka.

Jaribio la mwisho ni kuujaza maji yaliyochemshwa na kupoa, kuufunika usiku mmoja, kisha kuteka glasi moja na kuinusa pamoja na glasi nyingine ya maji yale yale yaliyokaa katika chombo cha kioo. Zikitofautiana, mzunguko wote hurudiwa mara moja. Zikilingana, maji hayo ya kwanza humwagwa na mtungi hutumika. Kaya inayotibu maji kwa klorini ya kunywa yafaa ijue kwamba udongo huimaliza klorini haraka kuliko plastiki, kwa hiyo maji yasiwekwe mtungini kwa siku nyingi kwa kuitegemea dawa hiyo.

Desturi ya mwambao ya kuufukiza mtungi ubani ni nzuri na hufanya maji yawe matamu, lakini moshi huo hufunika uvundo bila kuing'oa kuvu. Nafasi yake ni baada ya jaribio la glasi.

Chungu cha kupikia

Chungu chenye mafuta yaliyochacha hulowekwa saa chache, hujazwa maji robo tatu, hutiwa vijiko viwili vya chakula vya soda ya kuokea kwa kila lita, na kuwekwa juu ya makaa machache yanayoongezwa polepole hadi maji yatokote kidogo kwa dakika ishirini. Maji yakiwa ya kahawia, soda inafanya kazi yake. Chungu huachwa kipoe juu ya mafiga. Kikiondolewa na kuwekwa kwenye saruji ya baridi huweza kupasuka. Kikishasuuzwa na kukauka, hupikiwa uji mwepesi unaomwagwa, ambao wanga wake huziba vinyweleo. Mtungi wa maji haupikiwi uji, maana hauna moto wa kila siku wa kuua kinachoota juu ya wanga huo.

Chombo ambacho uvundo wake hubaki baada ya mizunguko miwili, au chenye ufa uliotiwa weusi wa kuvu, hugeuzwa kuwa cha maua. Kile kilichowahi kuwekewa mafuta ya taa, rangi au dawa ya wadudu hakisafishwi kabisa kwa ajili ya maji wala chakula, hata kama hakinuki tena.

Kinachorudishwa stoo hukaushwa juani siku kadhaa, kisha huwekwa juu ya chanja au vipande viwili vya mbao, mdomo juu na wazi, ukifunikwa kwa kitambaa chembamba kilichofungwa kwa uzi ili mende wasiingie.