Umbo la Kitenzi katika Barua Pepe ya Kumhimiza Mwenzi wa Kikundi

Tuchukue mfano wa wanachuo wanne wanaoandaa pamoja mpango wa fedha wa mradi wa kufuga kuku. Mmoja wao alipewa makadirio ya mapato na matumizi ya miezi 12, lakini ameleta ukurasa mmoja tu wa gharama za chakula. Bila makadirio hayo wenzake hawawezi kukadiria mkopo, kwani kiasi chake hutegemea mwezi ambao upungufu uliolimbikizwa ni mkubwa kuliko yote. Katibu wa kikundi anamwandikia:

*Ndugu mwenzetu,*

*Salaam. Tulipokea ukurasa wako wa gharama za chakula cha kuku, nasi tunakushukuru. Hata hivyo, hujatuletea makadirio ya miezi 12, na tarehe tuliyokubaliana, 4 Machi, imepita. Kwa sababu hiyo hatujaweza kukokotoa kiasi cha mkopo. Tunaomba uyatume kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Ukiwa na kizuizi, utueleze leo ili tugawane kazi. Usipoyatuma kufikia wakati huo, tutayaandaa sisi, na tutamweleza mkufunzi nani aliandaa sehemu ipi.*

*Wako,*
*Katibu wa kikundi*

Uzito wa barua hii umo katika kitenzi *hujatuletea*. Kiambishi *-ja-* katika ukanushi huonyesha kuwa tendo halijatimia hadi sasa, ila bado linatazamiwa. Laiti katibu angeandika *hukutuletea*, angelifunga jambo katika wakati uliopita. Angeandika *hutuletei*, angekuwa anashutumu mwenendo wa mtu, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Wapo wanaokimbilia kauli ya kutendwa, *makadirio hayajaletwa*, wakidhani ndiyo adabu. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini imemficha mtenda, na mvivu hujificha papo hapo.

Katika ombi, katibu ametumia *tunaomba* pamoja na dhamira tegemezi, *uyatume*. Amri tupu, *yatume*, ingesikika kama sauti ya mkubwa kwa mdogo, ilhali hawa ni wenzi. Kwa upande mwingine, *tungefurahi kama ungeyatuma* ni laini kupita kiasi: *-nge-* huliweka tendo katika dhana. Umbo hilo hufaa kwa fadhila, si kwa kazi ambayo mtu alikwisha kuikubali.

Uthabiti unakuja mwishoni, katika *usipoyatuma*. Kiambishi *-sipo-* ni ukanushi wa *-ki-* ya masharti, na kinafuatwa na wakati ujao, *tutayaandaa*. Angalia kwamba matokeo yaliyotajwa yamo ndani ya uwezo wa kikundi. Kutishia kuwa mwenzao atanyimwa alama kungekuwa kusema jambo ambalo mkufunzi peke yake ndiye huamua.

Zoezi. Andika upya barua hii kwa mwenzi aliyetuma makadirio ya miezi 3 kati ya 12. Eleza kwa nini *hujatuma* haitafaa tena peke yake, na kama *hujakamilisha* inatosha.