Saplaya Amesema Mzigo Utachelewa? Jibu Hivi, Upate Tarehe Kamili na Fidia

Ni Jumamosi jioni, unafunga duka, halafu simu inalia. Meseji kutoka kwa saplaya: "Habari mteja wetu. Tunaomba radhi, sweta zako zimechelewa kidogo kwa sababu ya uzi. Tutakuletea mapema iwezekanavyo. Asante kwa kuelewa."

Wengi wetu hujibu haraka: "Sawa, hakuna shida, nasubiri." Maneno manne tu, na hapo ndipo pesa huanza kupotea. Ukisema hakuna shida, umekubali kwamba tarehe mliyopatana haina uzito tena. Saplaya akichelewa wiki mbili zaidi, atakuonyesha meseji yako mwenyewe: si ulisema hakuna shida?

Leo tutaandika jibu pamoja, hatua kwa hatua, tukitumia mfano mmoja.

Mfano wetu

Chukulia una duka la sare za shule mjini Nakuru. Umeagiza sweta 120 kutoka kwa karakana moja ya Nairobi, kila moja KSh 650. Jumla ni KSh 78,000. Ulilipa nusu kwa simu kama dipositi, yaani KSh 39,000. Mlikubaliana kwa WhatsApp kwamba Jumatatu tarehe 29 Desemba pikapu yako itachukua mzigo, kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu tarehe 5 Januari. Sasa ni tarehe 27, na meseji ya kuchelewa ndiyo hiyo imeingia.

Kabla ya kuandika chochote

Kwanza, tafuta ushahidi. Unahitaji meseji ya oda (au LPO, kama uliandika), meseji ambapo saplaya alikubali tarehe 29, na meseji ya kuthibitisha malipo yenye kodi ya muamala. Kama uliifuta hiyo ya malipo, usiwe na wasiwasi, muamala bado uko kwenye taarifa ya akaunti yako.

Pili, jiulize: ni siku gani ya mwisho ambayo mzigo huu bado utanifaa? Usiangalie siku ambayo saplaya angependa, angalia wateja wako. Katika mfano wetu wazazi wengi watanunua Ijumaa na Jumamosi, tarehe 2 na 3. Kwa hivyo sweta zikifika dukani Jumatano tarehe 31, bado unauza. Zikifika tarehe 6, umebaki na stoki ya kukaa nayo hadi muhula ujao. Tarehe ya mwisho basi ni Jumatano, na hiyo ndiyo utakayoitaja.

Tatu, piga hesabu ya hasara. Hapa twende polepole, kwa sababu ndipo majibu mengi huharibika.

Fidia ni hesabu, si hasira

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kudai faida yote. Unauza sweta KSh 950, faida ni KSh 300 kwa kila moja, kwa hivyo unadai 300 mara 120, KSh 36,000. Saplaya atacheka, na ana sababu: sweta zikifika Jumatano bado utaziuza na faida hiyo utaipata. Hujaipoteza.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inalenga hasara iliyotokana moja kwa moja, kwa njia ya kawaida, na yule mwingine kuvunja makubaliano. Pia unatarajiwa kufanya juhudi za kupunguza hasara yako, sio kukaa tu ukihesabu siku ili deni la saplaya likue.

Tuangalie hasara halisi. Kuna wazazi waliokwisha kulipia sweta 30 na watazichukua Jumanne kabla ya kusafiri. Hawa hawawezi kungoja. Umepiga simu kwa muuzaji wa jumla hapo Nakuru, anazo kwa KSh 730. Ni KSh 80 zaidi kwa kila moja, mara 30, KSh 2,400. Halafu ulikuwa umemlipa mwenye pikapu dipositi ya KSh 1,500 kwa safari ya Jumatatu, na amekataa kuirudisha. Jumla ya hasara ni KSh 3,900.

Usidai kitu kimoja mara mbili. Ukishadai ile dipositi ya pikapu, usiongeze tena nauli yote ya safari mpya, maana nauli hiyo ungeilipa hata kama mzigo ungekuwa tayari kwa wakati.

Kwa kuwa utanunua 30 kwingine, punguza oda ibaki 90. Bei mpya ni 90 mara 650, KSh 58,500. Toa dipositi ya 39,000, salio ni KSh 19,500. Ukiondoa fidia ya 3,900, utalipa KSh 15,600. Ndiyo njia rahisi ya kupata fidia: humuombi saplaya atoe pesa mfukoni, unapunguza zile ambazo bado hujamlipa. Lakini lazima akubali kwa maandishi. Ukikata kimya kimya siku ya kupakia, mtagombana mlangoni.

Jibu lenyewe

Sasa andika. Kama mliagizana kwa WhatsApp, jibu kwa WhatsApp, ili mazungumzo yote yakae mahali pamoja:

"Habari za jioni. Nimepata ujumbe wako wa leo tarehe 27 Desemba kuhusu sweta 120. Tulikubaliana ziwe tayari Jumatatu tarehe 29, na nililipa dipositi ya KSh 39,000 (kodi ya muamala nimeambatisha). Sijakubali tarehe hiyo isogezwe bila siku maalum, kwa sababu shule zinafunguliwa tarehe 5 na ulijua hivyo tangu mwanzo.

Naomba uthibitishe mambo matatu:

1. Sweta 90 ziwe tayari kupakiwa kwenye karakana yako Jumatano tarehe 31 Desemba, saa nne asubuhi. Nitatuma pikapu. Jumanne jioni nitumie picha ya mzigo ukiwa umefungwa.

2. Sweta 30 zilizobaki nazinunua hapa Nakuru kwa sababu wateja wangu wanazichukua Jumanne. Tofauti ya bei ni KSh 2,400. Pia nimepoteza dipositi ya pikapu KSh 1,500. Jumla KSh 3,900, ambayo naomba itolewe kwenye salio. Salio langu litakuwa KSh 15,600, nitalipa baada ya kuhesabu mzigo.

3. Mzigo usipokuwa tayari Jumatano saa nne, oda itakuwa imefutwa, na utanirudishia dipositi ya KSh 39,000 pamoja na hiyo fidia ya KSh 3,900, kwa namba hii hii, kufikia Ijumaa tarehe 2 Januari.

Naomba jibu kufikia kesho Jumapili saa kumi na mbili jioni. Tumefanya kazi vizuri na ningependa tuendelee."

Hakuna tusi wala vitisho vya polisi hapo. Sentensi moja inakataa ucheleweshaji usio na mwisho. Kuna siku na saa ya kuwa tayari, kiasi chenye hesabu yake, kitakachotokea akishindwa, na muda wa kujibu. Ile picha ya Jumanne jioni ndiyo king'ora chako. Ikikosekana, unajua mapema kwamba kuna shida, na hutumi pikapu bure.

Akijibu, soma vizuri

"Nitajaribu Jumatano" si tarehe. "Kuanzia Jumatano" pia si tarehe. Mjibu kwa upole: "Asante. Ni ndiyo au hapana kwa Jumatano saa nne?" Usiendelee na mengine hadi hilo lijibiwe.

Akisema ana sweta 50 tayari na zingine zitafuata, kumbuka kwamba kisheria hulazimiki kupokea mzigo kwa mafungu kama hamkukubaliana hivyo. Lakini unaweza kuchagua kuzipokea. Ukizichukua, andika wazi: "Napokea 50, zile 40 bado nazidai Jumatano." Ukinyamaza, itaonekana umeridhika.

Akikubali tarehe lakini akakataa fidia, akisema uzi ulichelewa na si kosa lake, mjibu kwamba kutafuta uzi ni sehemu ya biashara yake, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Hata hivyo, pima. KSh 3,900 ni asilimia tano ya oda yote. Kama ni saplaya mzuri wa miaka, unaweza kukubali nusu, au punguzo kwenye oda ijayo, mradi liandikwe. Mzigo kufika Jumatano una thamani kubwa kwako kuliko kushinda mabishano.

Akikuambia "ongeza pesa kidogo ndio kazi iende haraka", simama hapo. Salio ndilo kitu pekee ulichobaki nacho mkononi. Lipa baada ya kuhesabu.

Na pesa nilizotuma?

Swali hili tunaulizwa sana: "Si mnirudishie tu ile dipositi?" Hapana, na usijaribu. Kurudishiwa muamala ni kwa pesa zilizoenda kwa namba isiyo sahihi. Hapa ulimlipa mtu uliyemkusudia, kwa oda mliyokubaliana. Kuripoti kwamba ulikosea namba si kweli, na kutaharibu hoja yako baadaye.

Akikataa kurudisha pesa baada ya oda kufutwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh milioni moja. Si lazima uende na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utakachobeba ni vile vitu ulivyokusanya mwanzoni: oda, tarehe, kodi ya muamala, na jibu lako la tarehe 27.

Kwa oda inayofuata, weka sentensi moja zaidi kabla ya kulipa dipositi: "Mzigo lazima uwe tayari tarehe fulani, ukichelewa, kila siku tutatoa KSh 500 kwenye salio." Kiasi kifanane na hasara unayoweza kuipata kweli, kwa sababu mahakama haitekelezi faini iliyowekwa kwa ajili ya kumuadhibu mtu. Saplaya akikubali hapo mwanzo, siku akichelewa hamtabishana tena kuhusu fidia. Mtahesabu siku tu.