Chenga ndani ya eksirei: kwa nini siiachi CLAHE bila kikomo

Ilikuwa eksirei ya kifua. Chini upande wa kulia wa mgonjwa kulikuwa kweupe pe, maji yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mimi nilikuwa natafuta kitu kingine, kilichojificha nyuma ya moyo, ambako weupe wa moyo wenyewe humeza kila kitu. Nikaipitisha picha kwenye CLAHE ya OpenCV bila kuandika namba yoyote, nikaiacha itumie zake. Nyuma ya moyo mbavu na mishipa ikajitokeza vizuri sana, nikafurahi, nikampelekea daktari wa radiolojia.

Yeye hakutazama nyuma ya moyo. Alitazama kule chini kwenye maji.

“Kaka, hapa naona kama pafu lina hewa. Hebu nionyeshe picha yenyewe.”

Nikamfungulia ya awali. Palikuwa peupe, pametulia, hapana hata uzi mmoja. Ule mtandao mwembamba aliouona, unaofanana na mishipa midogo ya pafu, ulikuwa chenga za picha zilizokuzwa. Tangu siku hiyo siwezi kutumia njia hii bila kupiga hesabu kwanza, na hesabu yenyewe ni fupi.

Kusawazisha histogramu kwa njia ya kawaida ni kuhesabu pikseli ngapi ziko kwenye kila ngazi ya kijivu, kuanzia 0 hadi 255, kisha kuzipanga upya ili ngazi zenye msongamano zipewe nafasi kubwa zaidi. Tatizo ni kwamba hesabu inafanywa kwa picha nzima: mapafu meusi na hewa ya nje ya mwili vinachukua nafasi yote, na eneo dogo la nyuma ya moyo halipati kitu. Njia inayojirekebisha huikata picha vigae, kwa kawaida 8 kwa 8, na kila kigae hupata histogramu yake. Kila pikseli hukadiriwa kutoka vigae vinavyoizunguka ili mipaka isionekane.

Hatari inaanzia hapo hapo. Kigae kilichoangukia ndani ya maji matupu hakina chochote cha kuonyesha, ila hakijui hivyo. Kinachokiona ni ngazi chache zilizosongamana, nacho kinazitandaza kutoka weusi hadi weupe. Na hizo ngazi chache ndizo chenga.

Tuchukue picha ya pikseli 2048 kwa 2048. Kila kigae kina 256 kwa 256, yaani pikseli 65,536. Zingegawanywa sawasawa kwenye ngazi 256, kila ngazi ingepata pikseli 256. Sasa tuseme chenga kwenye yale maji zina mtawanyiko wa ngazi 3 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Ngazi ya katikati peke yake itabeba pikseli kama 8,700, mara 34 ya sehemu yake ya haki. Namba hiyo 34 ndiyo kipimo cha ukuzaji: pikseli mbili zilizotofautiana kwa ngazi moja sasa zinaachana kwa ngazi 34. Chenga za 3 zinakuwa takriban 74.

Stephen Pizer na wenzake walishalitaja tatizo hili mwaka 1987, na dawa waliyoieleza ndiyo iliyo ndani ya CLAHE: ngazi yoyote iliyozidi kikomo hukatwa kichwa, na kilichokatwa hugawiwa ngazi zote kwa usawa. Kwenye OpenCV kikomo hicho kinaitwa `clipLimit`, nacho huhesabiwa kwa mara ngapi ya ile sehemu ya haki. Usipoandika kitu, kinakuwa 40. Kwenye mfano wetu 40 maana yake ni pikseli 10,240, wakati kilele chetu ni 8,700. Kikomo hakikuguswa kabisa! Nilidhani nimekingwa, kumbe mlango ulikuwa wazi.

Ukiweka 2, kila ngazi inakatwa kwenye 512, na hata baada ya kurudishiwa mgao wa kilichokatwa ukuzaji hauvuki mara 3. Jaribu mwenyewe kwa picha isiyo na kitu ndani yake ila chenga:

```python
import cv2, numpy as np
rng = np.random.default_rng(1)
x = np.round(rng.normal(190, 3, (2048, 2048))).astype(np.uint8)
for k in (40, 2):
    y = cv2.createCLAHE(clipLimit=k, tileGridSize=(8, 8)).apply(x)
    print(k, x.std(), y.std())
```

Kwa 40 utapata mtawanyiko wa karibu 74, na kwa 2 utapata kati ya 8 na 9. Fungua hiyo picha ya 40 uitazame. Utaona kitu kinachofanana na nyama ya mwili, na hakuna mwili humo.

Kikomo hakiondoi chenga. Kinapunguza ukuzaji, nao unagusa chenga na alama ya kweli kwa kipimo kilekile. Alama inayotofautiana na jirani zake kwa ngazi 6 kwenye chenga za 3 ina uwiano wa 2. Ikikuzwa karibu mara 3 inakuwa 17 juu ya chenga za karibu 9, na uwiano unabaki 2. CLAHE inalisaidia jicho, haiongezi habari. Ukitaka uwiano upande, punguza chenga kabla: mimi naipunguza picha kwa nusu kwa `cv2.INTER_AREA`, ambayo huchukua wastani wa pikseli nne nne. Chenga zisizohusiana hushuka kwa nusu, uwiano ukawa 4, na gharama yake ni kupoteza vitu vyembamba sana kama ufa wa mfupa. Kwa kifua nakubali gharama hiyo. Kwa kifundo cha mkono sikubali.

Nikibaki na shaka, natoa nakala mbili ndogo kwenye picha ya awali, `img[0::2, 0::2]` na `img[1::2, 1::2]`, kila nakala naipitisha CLAHE peke yake, kisha naziweka ubavu kwa ubavu. Mshipa wa kweli unakuwepo kwenye zote mbili. Mtandao wa chenga unabadilika sura. Jaribio hili linadanganyika pale picha ilipopita kwenye JPEG, kwa sababu makosa ya JPEG hukaa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na yatatokea kwenye nakala zote mbili. Utayatambua kwa gridi ya miraba midogo inayojitokeza baada ya kukuza. Ukiiona, acha, ukaombe faili la DICOM lenyewe.

Kuna jambo ambalo hata kikomo cha 2 hakilitibu. Kila kigae kina kipimo chake, kwa hiyo weupe wa kulia hauwezi tena kulinganishwa na weupe wa kushoto. Maji mazito yanaweza kuonekana mepesi kuliko yalivyo, na kando ya chuma au ukingo wa moyo hutokea utando wa mwanga au kivuli ambao haupo kifuani.

Ndugu yangu unayewaandalia madaktari picha hizi, usimpe daktari picha iliyokuzwa bila ya awali pembeni yake, na andika juu yake kikomo ulichotumia.