Jinsi Ninavyosoma Gharama ya Kitanzi Ndani ya Kitanzi

Nikipewa programu inayosuasua, huanza kwa kuuliza: mstari wa ndani kabisa unatekelezwa mara ngapi? Tuchukue msimbo huu wa Python unaotafuta namba za simu zilizojirudia kwenye orodha:

```python
n = len(namba)
for i in range(n):
    for j in range(i + 1, n):
        if namba[i] == namba[j]:
            print(namba[i])
```

Anza na orodha fupi. Zikiwepo namba 4, ya kwanza inalinganishwa na 3 zilizobaki, ya pili na 2, ya tatu na 1, ya mwisho haina ya kulinganishwa nayo. Jumla ni 6. Kwa orodha ya urefu wowote, jumla ni n(n-1)/2, yaani n²/2 - n/2.

Kwa nini basi tunaandika O(n²) tu? Refusha orodha maradufu uone. Namba 1,000 zinahitaji milinganisho 499,500, na namba 2,000 zinahitaji 1,999,000: karibu mara nne. Ile n/2 ilipunguza 500 tu kwenye nusu milioni, kwa hiyo haina uzito. Ile nusu inayozidisha n² nayo iko kwenye hesabu zote mbili, na ukigawanya moja kwa nyingine inajifuta. Kompyuta yenye kasi maradufu itapunguza muda kwa nusu, lakini orodha ikirefuka mara mbili, kazi bado itaongezeka mara nne. O inaeleza ukuaji huo. Haielezi sekunde.

Hiyo haina maana kwamba vizidishi ni bure. Tuseme njia ya pili, ya kuweka namba kwenye seti, inagharimu hatua 50 kwa kila namba, yaani 50n. Ikipambanishwa na n²/2, zinalingana n ikiwa 100. Chini ya hapo vitanzi viwili vinashinda. Kwenye namba 1,000, seti inatumia hatua 50,000 dhidi ya takriban 500,000. Orodha ikiendelea kukua, hakuna kizidishi kitakachookoa n².

Usihesabu vitanzi kwa macho. Kitanzi cha ndani kikiwa `range(10)`, kazi ni 10n, nayo ni O(n). Kinyume chake, `if x in orodha` ndani ya kitanzi kimoja huficha kitanzi cha pili, kwa sababu Python hupekua orodha kipengele kimoja baada ya kingine hadi ipate inachotafuta au ifike mwisho.

Ukiwa na shaka, pima muda kwa n, kisha kwa 2n, ukitumia orodha ndefu. Muda ukipanda karibu mara mbili, gharama inakua kama O(n). Ukipanda karibu mara nne, tafuta kitanzi kilichojificha kabla hujafikiria kununua kompyuta mpya.